Uniti 120 za stima, bili mbili tofauti: tofauti iko wapi?

Kila inapofika mwanzo wa mwezi, simu za kipindi chetu cha asubuhi hujaa swali moja linalokuja kwa sura nyingi. Mmoja anauliza kwa nini jirani yake amepata uniti nyingi kwa pesa zile zile. Mwingine anasema mwezi uliopita alipata uniti zaidi na hajaongeza hata balbu moja. Wengi huishia kulaumu mita. Mita mara nyingi haina kosa. Jibu liko kwenye namna bei inavyohesabiwa, na leo tumeona tuiandike hesabu yenyewe, kwa sababu hewani tarakimu hupita haraka na msikilizaji akibaki na kalamu mkononi tayari tumeshaingia matangazo.

Tuanze na viwango. Aprili 2023 mdhibiti wa kawi nchini Kenya, EPRA, alianza kutumia bei za wateja wa nyumbani zenye madaraja matatu. Anayetumia hadi uniti 30 kwa mwezi alipangiwa shilingi 12.22 kwa uniti. Anayezidi 30 hadi 100, shilingi 16.30. Anayepita 100, shilingi 20.97. Hizo ni bei za msingi tu, kabla ya tozo ya mafuta, tozo nyingine ndogo na kodi ya ongezeko la thamani. Viwango hivi vimekuwa vikirekebishwa tangu hapo, lakini tutavitumia kwa sababu tunachotaka kuonyesha ni njia, na njia haibadiliki senti zikipanda au zikishuka.

Ukimsomea mtu viwango hivyo, atakuelewa kwa namna mojawapo kati ya mbili.

Ya kwanza ni kwamba uniti zake zitakatwa vipande. Thelathini za mwanzo zitalipiwa 12.22, sabini zinazofuata 16.30, na zitakazobaki tu ndizo zitalipiwa 20.97. Hivi ndivyo kodi ya mshahara inavyokatwa Kenya: shilingi 24,000 za kwanza hutozwa asilimia 10 hata kama mtu analipwa laki tano, na asilimia kubwa hugusa kile kilichozidi peke yake. Tuiite njia ya vipande.

Ya pili ni kwamba matumizi yote ya mteja yanaangaliwa kwa pamoja, yanawekwa kwenye daraja moja, na kila uniti, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, inalipiwa bei ya daraja hilo. Tuiite njia ya daraja.

Maneno ya tangazo yanaweza kuwa yale yale, "0 hadi 30, 31 hadi 100, zaidi ya 100", na yasikuambie ni njia ipi. Hapo ndipo watu wanapopotea.

Sasa tumchukue mteja mmoja. Ana friji, televisheni, pasi, na feni mbili kwa sababu ya joto la Mombasa. Anatumia uniti 120 kwa mwezi, na ndiyo kawaida yake.

Kwa njia ya vipande, uniti 30 za kwanza kwa 12.22 ni shilingi 366.60. Sabini zinazofuata kwa 16.30 ni shilingi 1,141. Ishirini za mwisho kwa 20.97 ni shilingi 419.40. Jumla ni shilingi 1,927.

Kwa njia ya daraja hakuna haja ya kukata chochote. Mteja ni wa zaidi ya 100, kwa hiyo ni 120 mara 20.97. Jumla ni shilingi 2,516.40.

Mtu yule yule, friji ile ile, karatasi ya bei ile ile, na tofauti ni shilingi 589.40. Ukiongeza kodi ya asilimia 16 juu yake, inakuwa karibu shilingi 684 kila mwezi. Kenya hutumia njia ya pili.

Haikuwa hivyo siku zote. Hadi katikati ya 2018 tulikuwa na vipande. Uniti 50 za kwanza zilikuwa shilingi 2.50 kila moja kwa kila nyumba, zilizofuata hadi 1,500 zilikuwa 12.75, na juu yake kulikuwa na ada ya kudumu ya shilingi 150 hata usipowasha taa. Mageuzi ya 2018 yaliondoa ada ile ya kudumu na pia yakaondoa vipande. Watu walishangilia la kwanza, na la pili likapita bila wengi kulitambua.

Tusiwe waonevu: njia ya daraja ina hoja yake. Katika vipande, nafuu ya uniti za kwanza humfikia kila mtu. Mwenye nyumba ya ghorofa yenye viyoyozi sita alipata zile 50 za bei rahisi sawa na bibi mwenye taa mbili kule Msambweni. Njia ya daraja inamnyima tajiri nafuu hiyo na kuiacha kwa anayetumia kidogo. Kama lengo ni kumlinda mnyonge kwa pesa chache, kwenye karatasi inaleta maana.

Tatizo liko kwenye mpaka. Anayetumia uniti 100 kamili hulipa 100 mara 16.30, yaani shilingi 1,630. Anayetumia 101 hulipa 101 mara 20.97, yaani shilingi 2,117.97. Uniti moja ya ziada, ambayo ni kupiga pasi nguo kwa saa moja hivi, imemgharimu shilingi 487.97. Kwa vipande, uniti hiyo hiyo ingemgharimu 20.97 na si zaidi. Njia ya vipande hupanda kama ngazi, ukikanyaga kidato kimoja unainuka kidogo. Njia ya daraja ni ukuta.

Na mambo yanaweza kugeuka. Bei zinaposhuka kadiri unavyonunua zaidi, kama kwa mchapishaji wa fulana, njia ya daraja humpendelea mnunuzi. Tuseme fulana ni 500 kila moja chini ya 100, na 400 kuanzia 100. Fulana 90 zitakugharimu 45,000, na fulana 100 zitakugharimu 40,000. Mwenye akili atachukua mia na kugawa kumi bure. Kwenye stima ni kinyume: bei inapanda, kwa hiyo ukuta unakuangukia wewe.

Turudi kwenye stima, kwa sababu kuna jambo moja linalowatatiza zaidi wale wanaotupigia. Daraja lako halipangwi kwa mwezi huu. Hupangwa kwa wastani wa miezi mitatu iliyopita, na kwa wanaotumia tokeni kinachohesabika ni uniti ulizonunua, kwani ununuzi ndio unaobaki kwenye rekodi. Chukua mtu aliyenunua uniti 90, kisha 100, kisha 125 mwezi wa wageni wa harusi. Jumla ni 315, wastani ni 105. Ameingia daraja la juu. Mwezi unaofuata wageni wameondoka, amebana matumizi na kununua 80 tu. Atalipa 80 mara 20.97, shilingi 1,677.60, badala ya shilingi 1,304 ambazo angelipa katika daraja la kati. Ni shilingi 373.60 za harusi ambayo imeshaliwa na kusahaulika. Ndiyo maana mtu anapunguza matumizi na tokeni bado inakuja nyembamba. Hakuna wizi hapo, ni wastani ambao haujashuka.

Kutokana na hilo, yule anayenunua tokeni nyingi kwa mkupuo ili "asisumbuke" anaweza kujisukuma juu ya mpaka bila kuwasha kitu chochote cha ziada.

Unajuaje uko daraja gani? Fungua ujumbe wa tokeni kwenye simu yako. Kuna sehemu imeandikwa `Units`, nyingine `TknAmt`, nyingine `OtherCharges`. Gawanya `TknAmt` kwa `Units`. Usichukue `Amt`, hiyo ni pesa yote uliyotoa pamoja na tozo na kodi. Jibu utakalopata ndilo bei yako ya msingi, na litalingana na moja ya zile bei tatu zinazotumika wakati huo. Fanya hivyo kwa ujumbe wa miezi minne au mitano mfululizo. Ukiona jibu limeruka ghafla kutoka bei moja hadi nyingine, umepata mwezi uliovuka ukuta. Ingekuwa ni njia ya vipande, jibu lingekuwa linapanda polepole ndani ya mwezi mmoja, kila unapoongeza tokeni.

Wenzetu Watanzania wanaotusikiliza kutoka Tanga wanaijua hali hiyo ya pili. Mteja mdogo wa TANESCO, wa kundi la D1, amekuwa akilipa shilingi 100 za Tanzania kwa kila uniti hadi 75, na 350 kwa zinazozidi, kabla ya kodi. Hivyo ni vipande. Lakini wastani wake ukizidi 75 huhamishiwa kundi la T1, la shilingi 292 kwa uniti zote. Hapo ndipo ukuta ulipo, ila umewekwa mlangoni pa kundi badala ya kuwa ndani ya bili.

Wanaoumia zaidi na ukuta huu, kwa maoni yetu, ni wapangaji. Fikiria nyumba ya Kiswahili yenye familia nne na mita moja. Kila familia inatumia uniti 28, taa na televisheni na kuchaji simu. Kila moja ingekuwa na mita yake, ingekuwa daraja la chini na kulipa shilingi 342.16. Zote nne kwa pamoja ni shilingi 1,368.64. Lakini mita moja inaona uniti 112, na 112 mara 20.97 ni shilingi 2,348.64. Shilingi 980 zimeongezeka, 245 kwa kila mlango, na hakuna hata mmoja kati yao aliyetumia stima ya tajiri. Kwa vipande nyumba hiyo ingelipa shilingi 1,759.24, bado juu, ila si kwa kiasi hicho.

Wapo wenye nyumba wanaofunga mita ndogo ndani kila chumba ili wapangaji wasigombane. Inasaidia kugawana bili kwa haki, lakini haibadilishi daraja. Kampuni inaiona ile mita kubwa ya nje peke yake. Kinachobadilisha daraja ni kila familia kuwa na akaunti yake, na hilo ni jambo la mwenye nyumba kuomba, kwa gharama za kuunganisha ambazo mpangaji wa mwaka mmoja hana sababu ya kuzilipa na mwenye nyumba hana hasara inayomsukuma.