Kovu la Mtoto Si Doa la Picha

“Habari za kazi, kaka. Picha ya darasa nimeipata, ahsante. Naomba kuuliza jambo. Mwanangu ana kovu juu ya jicho la kushoto, alianguka akiwa mdogo. Kwenye picha kovu halipo. Uso umekuwa laini kama wa sanamu, na rangi imepanda, siyo yake. Nikiangalia na wenzake nawaona hivyo hivyo. Sidharau kazi yako, ila naomba picha yenye uso wake mwenyewe. Kama ile ya mwanzo bado unayo, nitumie.”

Tuseme ujumbe huu umetoka kwa mama wa Maili Moja, Kibaha, na umemfikia kijana wa Kisarawe anayezunguka shule za pande hizo msimu wa mahafali ya darasa la saba. Wapo watakaosema mama anakuza mambo. Mtoto katoka msafi, anang’aa, na hakuna aliyelipishwa zaidi kwa huo usafi, sasa anadai nini? Mimi naona anadai haki yake, na zaidi ya hapo anauliza swali ambalo kila shule inapaswa kuwa na jibu lake kabla kamera haijatoka kwenye begi: nani mwenye mamlaka ya kubadili sura ya mtoto kwenye picha ya darasa?

Kabla ya kumlaumu mtu, tuangalie uso huo umefutikaje, kwa sababu mara nyingi mpiga picha hakukusudia kumwondolea mtoto kovu. Tatizo linaanza uwanjani. Mahafali ya darasa la saba huangukia Septemba na Oktoba. Kibaha na Kisarawe ziko karibu nyuzi saba kusini mwa ikweta, hivyo mwanzoni mwa Oktoba jua la saa sita mchana linasimama karibu wima juu ya kichwa. Mwalimu anawatoa watoto saa hiyo hiyo, baada ya hotuba na kabla ya chakula, na anampa mpiga picha dakika chache. Jua la wima linatupa kivuli kizito chini ya nyusi, chini ya pua na chini ya kidevu. Macho yanazama, paji la uso linawaka.

Juu ya hapo kuna mashati. Sare ya shule zetu nyingi za msingi ni shati jeupe. Kamera ikiachwa ijipimie mwanga yenyewe, inakutana na safu tatu za mashati meupe yanayopigwa na jua, inadhani mahali pote pana mwanga mwingi mno, inapunguza. Mashati yanatoka vizuri, na nyuso za watoto weusi zinatoka karibu na giza. Usiku, mbele ya kompyuta, kijana anavuta nyuso zile ziwe na nuru. Sehemu ya picha iliyopigwa gizani ikivutwa hivyo hutoa chengachenga za rangi, hivyo anatumia kifaa cha kuziondoa, na kifaa hicho hakijui kutofautisha chenga na kinyweleo cha ngozi. Hatimaye anapitisha filta ya kulainisha kwenye picha nzima, kwa sababu ndivyo anavyofanya picha za maharusi na wateja wanazipenda.

Hapo ndipo kovu linapopotea, na hesabu yake inafaa kufuatwa taratibu. Chukua picha yenye upana wa pikseli 6000, na darasa la watoto 45 waliopangwa safu tatu, 15 kila safu. Kila mtoto anapata upana wa pikseli 400 kwa mabega na nafasi, na uso wenyewe unabaki na kama 150. Uso wa mtoto una upana wa sentimita 13 hivi. Kwa hiyo kovu la sentimita moja linachukua pikseli 11 au 12 tu. Sasa ile filta ilipangwa kwa picha ya bibi harusi peke yake, ambaye uso wake una pikseli 1500. Kwake, kuchanganya ngozi kwa upana wa pikseli 15 kunaondoa chembe ndogo ndogo na kuacha kila kitu kingine mahali pake. Kovu kama lile, kwake, lingekuwa na pikseli zaidi ya mia na lingeonekana bado. Kwa mtoto wa darasani, pikseli 15 zinameza kovu lote, na pamoja nalo ukingo wa nyusi, mstari wa midomo na vinyweleo vya mbele ya kichwa kilichonyolewa. Mpangilio ni ule ule, programu ni ile ile, ila uso ni mdogo mara kumi. Kijana anaweza kuapa kwamba ameweka laini kidogo tu, na akawa anasema kweli.

Mama naye ana jambo la kuhakikisha kabla ya kukaza sauti, na ujumbe wake umefanya vyema kuuliza kwanza. Picha iliyopita WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa hadi upande mrefu uwe na pikseli 1600 hivi. Kwa darasa letu lile, uso unabaki na pikseli 40 na kovu pikseli tatu. Linaweza kutoweka bila mtu yeyote kuligusa. Namna ya kujua ni kutazama vitu visivyo na ngozi. Kama matofali ya ukuta, mishono ya mashati na majani ya mti nayo yamepakaa, basi picha imebanwa, na dawa ni kuomba faili itumwe kama `Document`. Lakini kama matofali yanaonyesha mikwaruzo yake, meno yana ukali wake, masikio yana mikunjo yake, halafu kati ya masikio na meno kuna eneo tupu lisilo hata na mng’ao wa jasho, hiyo ni filta ya uso. Shingo huwa shahidi mzuri pia. Programu nyingi hutafuta uso na kuacha shingo, hivyo mtoto anapata rangi mbili zinazokutana chini ya kidevu.

Mpiga picha ana utetezi wake na sitaupuuza. Anaishi kwa picha inayonunuliwa. Wateja wake wa studio humwambia wazi amwondolee chunusi, ampunguzie weusi chini ya macho, amng’arishe. Kazi hiyo si ya jana. Enzi za picha nyeusi na nyeupe, fundi wa studio alikaa na negativu mbele ya mwanga, akajaza alama za uso kwa penseli iliyochongwa sana, moja baada ya nyingine. Lakini mambo mawili yalikuwa tofauti. Aliyesafishwa alikuwa mtu mzima aliyekwenda studio kwa miguu yake na kujua anachonunua. Na fundi, kwa kuwa alifuta alama moja moja kwa mkono, alilazimika kuiona kila alama na kuamua kama ifutwe. Filta haiamui kitu. Inafuta chunusi itakayopona wiki ijayo na kovu ambalo mtoto atakwenda nalo hadi uzeeni, bila kuuliza lipi ni lipi.

Tofauti hiyo ndiyo ningeiweka kuwa mpaka. Mwanga ni mali ya mpiga picha. Ana haki na wajibu wa kuinua kivuli, kurekebisha weupe uliovutwa na rangi ya majani, kufanya weusi wa mtoto uonekane ulivyo na si kama giza. Kamasi na unga wa mandazi mdomoni navyo avitoe, ingawa kitambaa kabla ya kupiga kinatosha. Lakini kovu, baka la kuzaliwa, mwanya, rangi ya ngozi na umbo la pua si makosa ya picha. Ni vitu vinavyomtambulisha mtoto, na hata Polisi wanapotafuta mtoto aliyepotea huuliza alama kama hizo. Kumng’arisha rangi kunaniuma zaidi kuliko kufuta kovu, kwa sababu mtoto anaiona picha hiyo ukutani miaka yote, na hakuna anayemwambia kwamba weupe ule uliongezwa na mtu ambaye hakumuuliza.

Wengine watapendekeza mzazi achague. Marekani zipo kampuni za picha za shule zinazouza usafishaji wa uso kama nyongeza, na mzazi huweka alama kwenye fomu. Kwa picha ya mtoto peke yake naweza kulielewa hilo, ingawa silipendi. Kwa picha ya darasa halifai. Picha ile ni ya watoto 45, na wakichagua wazazi kumi, kumi watatoka laini na 35 watatoka walivyo, wamesimama bega kwa bega. Aliye na kovu ataonekana ndiye mwenye kasoro. Kwenye picha ya pamoja sura zisiguswe, za wote.

Je, sheria ina la kusema? Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Sheria hiyo inaziweka taarifa zinazohusu watoto katika kundi la taarifa nyeti, na inataka taarifa za mtu ziwe sahihi. Mzazi akitaka anaweza kujenga hoja hapo. Binafsi nisingempeleka kijana wa Kisarawe mbele ya Tume kwa ajili ya filta. Shauri hili linamalizwa na sentensi mbili katika makubaliano ya shule na mpiga picha: sura za watoto hazibadilishwi, na faili za mwanzo zinatunzwa hadi wazazi wote wawe wamepokea picha.

Sentensi ya pili ina uzito kuliko inavyoonekana. Kama kijana alipiga kwa kamera, akahifadhi faili ghafi na kusafisha kwa programu kama Lightroom, kumtimizia mama ombi lake ni kazi ya dakika chache: kijana anarudisha `Texture` kwenye sifuri, anaondoa filta, anachapa upya. Lakini kama alipiga kwa simu iliyowashwa urembo wa uso, mara nyingi simu ilishalainisha kabla ya kuhifadhi, na hakuna faili nyingine nyuma yake. Ngozi iliyochanganywa hairudi. Programu itakayodai kuirudisha itabuni ngozi nyingine, na kovu ililobuni halitakuwa la mtoto yule.

Ikiwa hivyo, picha ipigwe upya. Gharama ya karatasi aibebe mpiga picha, kwa kuwa aliuza sura ambayo hakuagizwa. Muda nao uwe mzigo wa shule, kwa kuwa ndiyo iliyomleta saa sita mchana. Iwatoe watoto saa mbili asubuhi, iwapange kwenye kivuli cha jengo huku wakitazama anga wazi, na si chini ya mwembe, ambako majani hutia nyuso ukijani na matundu ya jua hutia madoa. Kijana apime mwanga usoni, aache mashati yang’ae kidogo, apige. Kwa mwanga ule hatakuwa na giza la kuvuta wala chenga za kufuta.