Paja la mbuzi katika oveni: tunasahihisha hesabu yetu

Baada ya Idd iliyopita tulipokea lawama kutoka kwa mama mmoja aliyefuata maelekezo ya safu hii. Tuliandika kuwa paja huokwa dakika 40 kwa kila kilo. Paja lake la mbuzi lilitoka na rangi nzuri, wageni wakaketi, na kisu kikagoma. Lawama ile ni haki yetu. Hesabu tuliyotoa ni ya mwanakondoo aliyenona, nasi tulimpa mtu mwenye mbuzi wa kuchungwa.

Tofauti yao haiishii kwenye mafuta. Mbuzi wetu hutembea kutwa, na paja lake limejaa tando na kano zinazofunga misuli. Nyama yenyewe huiva katika joto la ndani la nyuzi 70 hadi 75, lakini tando hizo wakati huo bado ni ngumu kama ugwe. Huyeyuka polepole na kuwa kama ute mzito pale tu joto la ndani linapopanda hadi karibu nyuzi 90 na kukaa hapo kwa muda. Mama yule alilitoa paja likiwa limeiva, ila halijalainika. Kwa hiyo maji meupe yanayotoka nyama inapochomwa hayatoshi kuwa ushahidi kwa mbuzi.

Jambo la kwanza ni kutolioka paja siku ile ile ya kuchinja. Saa chache baada ya kuchinjwa misuli hukakamaa, na oveni haiwezi kuilegeza. Siku ya Idd na tule maini na mbavu. Paja likae ndani ya jokofu hadi kesho yake, au keshokutwa. Lisitiwe kwenye friza likiwa bado na uvuguvugu, maana baridi kali ya ghafla huikaza nyama zaidi.

Usiku wa kuamkia siku ya kuoka, lipakwe chumvi, kitunguu saumu, tangawizi, bizari nyembamba na pilipili manga, viungo viingie katika mikato. Ndimu tunaiacha hadi mwishoni. Papai bichi, ambalo wengi hulitegemea, hulainisha juu tu. Likilala usiku kucha, sehemu ya nje huwa kama uji na ya ndani hubaki vile vile.

Tuchukue paja la kilo 2, likipimwa pamoja na mfupa wake, na tuseme chakula ni saa saba na nusu, baada ya Adhuhuri. Saa tatu asubuhi litolewe jokofuni. Saa nne kasorobo oveni iwashwe nyuzi 220, na saa nne na dakika tano paja liingie likiwa wazi, limepakwa mafuta. Dakika 25 zinatosha kulipa rangi. Kisha joto lishushwe hadi nyuzi 160, vimiminwe vikombe viwili vya maji ya moto kwenye trei, pembeni mwa nyama, na trei ifunikwe kwa foili pasipo mwanya. Kuanzia hapo hesabu ni dakika 75 kwa kila kilo, yaani saa mbili na nusu, na saa saba kamili linatoka. Wenye oveni za gesi zenye namba watumie namba 7, kisha namba 3.

Hesabu hii ina mpaka wake. Paja dogo la kilo moja na robo lisipewe chini ya saa mbili za kufunikwa, kwa sababu tando haziyeyuki haraka eti kwa kuwa nyama ni ndogo. Kipimajoto kikiwepo, kichomwe penye unene bila kugusa mfupa. Kisipokuwepo, mshikaki uingie na kutoka bila kuvutwa, na mfupa wa muundi ucheze ukitikiswa. Ukigoma, paja lirudishwe nusu saa nyingine, na maji yakikauka yaongezwe.

Likitoka lisikatwe. Lihamishiwe kwenye sinia, lifunikwe kwa foili iliyolegea, lipumzike dakika 30. Nyama ikikatwa ingali inafuka, maji yake yote humwagikia sinia, na vipande hukauka mbele ya wageni. Hofu ya kupoa haina msingi: paja zima lenye mfupa hutunza joto, na likiwahi kuiva, hukaa hata saa nzima likiwa limefunikwa vyema.

Nusu saa hiyo ndiyo ya mchuzi. Mafuta yaenguliwe kwenye trei, maji yaliyobaki yachemshwe hadi yawe mazito, na hapo ndipo ndimu ikamuliwe. Kisu kipite kukingamana na nyuzi za nyama, kuanzia upande ulio mnene.