Laini ya Mwanza kwenye Simu ya Wuhan

Tumchukue binti wa Kirumba, Mwanza, anayesoma udaktari Wuhan, China. Mama yake anauza dagaa Mwaloni, na akipata faida anapita kwa wakala kumwekea binti fedha kwenye akaunti yake ya benki. Mfano huu ni wa kubuni, ila waliosoma nje watauona kama wa kwao.

Siku ya kulipia tiketi ya likizo kwa kadi, binti anatakiwa kuandika namba ya uthibitisho iliyotumwa kwa meseji. Laini iko Mwanza, ndani ya mkoba wa mama. Wuhan ni saa tatu asubuhi; Mwanza ni saa kumi alfajiri, na mama bado amelala. Anapoamka kuwahi mzigo mwaloni anaituma namba hiyo haraka, lakini namba hizo hudumu dakika chache tu. Hata kama ingewahi, benki humkataza mteja kumpa mtu yeyote namba hiyo, na haijasema mama hahusiki.

Likizo inapokwisha, binti anaondoka na laini yake. Anaiweka kwenye nafasi ya pili ya simu, anazima data ili isimlie salio, na kuiacha ipokee meseji tu. Kwa kawaida kupokea meseji ukiwa nje hakukatwi fedha, mradi huduma ya kutumia laini nje ya nchi imewashwa. Tatizo ni kwamba meseji ya mama inaweza kufika na ya benki isifike. Meseji za benki hutumwa na mitambo, mara nyingi kupitia kampuni za kati, na si lazima zipite njia ileile. Anayetaka kujua kama laini yake inafanya kazi aombe namba kutoka benki yenyewe. Salamu za nyumbani si kipimo.

Kisha kuna suala la kuiweka laini hai. Namba za simu zina kikomo, kwa hiyo kampuni huifunga laini iliyokaa kimya na baadaye kumpa mtu mwingine namba ileile. Masharti hutofautiana, lakini ukimya wa miezi mitatu hivi ni kipimo kinachojulikana sana. Ndiyo maana binti anajiwekea utaratibu wa kununua salio na kutuma meseji moja nyumbani kila mwezi. Huu si ubahili wala mazoea, ni kodi ndogo anayolipa ili aendelee kuifikia akaunti yake mwenyewe.

Akiikosa laini hiyo, hali inakuwa ngumu zaidi. Tangu Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilianza kufungwa nchini, na anayetaka kurudishiwa namba yake huthibitishwa kwa vidole vyake na kitambulisho cha NIDA. Mama hawezi kwenda dukani kwa niaba ya binti. Sheria hiyo ni nzuri: bila hiyo tapeli angejifanya mwenye namba, akachukua laini mpya na kusomba fedha zote. Lakini kinachomzuia tapeli kinamzuia pia mwenye mali aliye mbali. Benki nayo, kwa sababu hizohizo, mara nyingi humtaka mteja afike tawini kubadilisha namba.

Wapo watakaosema meseji iachwe ilivyo, na wana hoja. Inafika kwenye kitochi, haihitaji intaneti, na muuza dagaa hahitaji kufundishwa kuisoma. Kwa mama, meseji inatosha. Kosa ni kumlazimisha binti atumie kipimo cha mama. Julai 2024 mamlaka ya fedha ya Singapuri na chama cha mabenki walitangaza kwamba benki kubwa zingeacha, ndani ya miezi mitatu, kutumia namba za uthibitisho za meseji kumwingiza kwenye akaunti mteja aliyewasha uthibitisho ndani ya programu ya benki. Sababu yao ilikuwa utapeli, kwa kuwa watu walikuwa wakilaghaiwa kuzitaja namba zao. Faida kwa msafiri imo humohumo: uthibitisho unakaa kwenye simu yenyewe na kupita kwenye intaneti yoyote, uwe Wuhan au Nyamagana.

Benki zetu zifanye hivyo kwa anayeomba, na meseji ibaki kwa asiyetaka. Kampuni za simu nazo zimpe mteja anayetoa taarifa ya safari muda mrefu zaidi kabla ya kumpa mwingine namba yake, hata kwa ada ndogo. Anayesafiri mwezi huu asisubiri lolote kati ya hayo: apite tawini na simu atakayoondoka nayo, aiunganishe na programu ya benki mbele ya mhudumu, na aulize hapohapo ni malipo gani bado yatadai meseji.