Israfu huanzia kwenye kipimo

  

Miaka kadhaa iliyopita nyumbani kwetu ulisalia wali wa mchana ndani ya sufuria, ukafunikwa na kuachwa jikoni hadi kesho yake. Mama watoto alitaka kuumwaga. Mimi nikamkataza, nikamkumbusha ubaya wa israfu, na wali ule ukapashwa moto. Haukupita muda mrefu baada ya kula, mtoto wetu mdogo akaanza kutapika. Daktari alitueleza kwamba katika mchele mna vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa na uvuguvugu kwa saa nyingi, mbegu hizo huamka na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata wali ukipashwa moto upya. Lililonitisha zaidi ni kwamba wali wa namna hiyo waweza usitoe harufu wala kubadilika ladha.

Siku ile nilijua kuwa nilikosea mara mbili. Nilidhani kuokoa chakula ni kulazimisha watu wakile, tena nikatafuta israfu kwenye jalala, hali ilikwisha kutendeka asubuhi mchele ulipopimwa. Allah ametuhalalishia kula na kunywa, akatukataza kupita kiasi. Basi kiasi ndicho cha kuanza nacho.

Sisi tu watu watano, wazazi na watoto watatu. Tulikuwa tukipika kilo nzima ya mchele kwa mlo wa mchana, yaani takriban vikombe vitano vya chai. Tulipopima kinacholiwa hasa, tukaona vikombe vitatu vinatutosha. Wali tunaupika siku nne kwa juma, kwa hiyo vikombe vinane, ambavyo ni zaidi ya kilo moja na nusu, vilikuwa vikipikwa kila juma bila ya mlaji.

Maharage ni kinyume chake: hayo yafaa kupikwa mengi kwa pamoja, kwa kuwa hula moto na wakati. Ijumaa usiku tunaloweka kilo moja, na Jumamosi tunayachemsha hadi yaive vyema, bila ya nazi, kitunguu wala nyanya. Kisha tunayagawa mafungu matatu. La kwanza tunaliunga kwa tui na kulila siku hiyo hiyo kwa wali. La pili linawekwa katika jokofu, na Jumatatu linakaangwa kwa kitunguu na nyanya, likaliwa kwa ugali. La tatu linagandishwa, likangoja Jumatano. Tui halitiwi ila katika fungu linaloliwa siku hiyo, kwani mchuzi wa nazi huchacha upesi. Ukiuona unatoa mapovu au ute, usiujaribu kwa ulimi.

Jumapili ni samaki kwa wali, na Jumanne ni dagaa na mchicha kwa ugali. Alhamisi hatununui kitoweo kipya kabla ya kufungua jokofu: nusu bakuli ya dagaa wa Jumanne na viazi vichache hutosha kuwa mchuzi wa mchana. Hivyo Ijumaa tunapika pilau jokofu likiwa tupu.

Wali ukisalia licha ya kipimo, usiuache ndani ya sufuria, kwani katikati hukaa na joto kwa saa nyingi. Utandaze kwenye sinia upoe upesi, uutie katika jokofu kabla ya saa mbili kupita, uliwe kesho yake, upashwe moto mara moja tu hadi utoe mvuke kote. Ulioachwa jikoni usiku kucha usiliwe, hata ukiwa unanukia vizuri.

Na asiye na jokofu? Huyo asipike maharage ya kilo moja. Aloweke theluthi yake kila anapoyataka. Kikizidi chakula, akitoe kwa jirani kingali cha moto. Mtume (S.A.W.) alimuusia Abu Dharri aongeze maji katika mchuzi na awakumbuke majirani zake. Mchuzi huo ulikuwa wa kugawiwa ukiwa mzuri. Kumpa jirani kesho kile ambacho wewe mwenyewe unakiogopa si sadaka.

Baba anayelalamikia kiporo, kama nilivyokuwa nikilalamika, na aingie jikoni kwanza, ashike kikombe na kuhesabu walaji. Aliyepika hana kosa ikiwa hakuna aliyempa kipimo, na mtoto hana deni la kula tulichokosea kupima sisi.