Meseji ya "Panda Sasa" na Kizibo cha Soda

Oktoba ikishaingia, simu za wakulima huku Nyanda za Juu Kusini hazipumziki. Meseji ya kampuni ya mbegu, meseji ya duka la pembejeo, halafu kwenye grupu la WhatsApp mtu anarusha video ya sekunde arobaini: shimo, mbolea, mbegu, muziki, mwisho mtu ameshika gunzi kubwa kama mkono wake. Mimi sipingi haya mambo. Kata yangu ni pana, siwezi kufika kwa kila mtu wiki moja ya kupanda, na simu inafika. Lakini nina neno na wanaozituma, na kwa kuwa baadhi yenu mnalima na mna duka la pembejeo pia, neno lenyewe linawahusu kwa pande zote mbili.

Nianze na video, maana huko ndiko nilikoona hasara ya wazi zaidi.

Msimu uliopita kijana mmoja wa kata yangu alinipigia simu akiwa shambani. "Bwana shamba, nimeibiwa. Hii mifuko ya DAP haina kilo hamsini." Alikuwa na ekari nne za mahindi na alinunua mifuko minne, mmoja kwa kila ekari, kama alivyoshauriwa dukani. Siku ya pili ya kupanda, akiwa ameimaliza ekari ya pili na ameingia kidogo tu kwenye ya tatu, mbolea ikaisha. Vibarua wamesimama na udongo una unyevu wa siku chache tu. Dukani wakamwambia mzigo mwingine unakuja wiki ijayo.

Mifuko ilikuwa na uzito wake. Nilimwomba anionyeshe anavyopanda. Amefunga kamba vizuri, mstari hadi mstari sentimita 75, shimo hadi shimo sentimita 30, mbegu moja kila shimo, na kizibo kimoja cha soda cha DAP. Nikamuuliza kizibo kimoja amekitoa wapi. Akatoa simu. Ni ile video ya duka: "Kizibo kimoja kila shimo, uhakika wa mavuno!"

Sasa fuatana nami kwenye hesabu. Ekari ni kama mita za mraba 4,000. Ukipanda 75 kwa 30, kila shimo linachukua mita za mraba 0.225, kwa hiyo ekari ina mashimo karibu 18,000. Kizibo cha soda kikijazwa DAP na kusawazishwa kinabeba kama gramu 5. Zidisha: gramu 90,000, yaani kilo 90 kwa ekari, karibu mifuko miwili. Kwa mifuko minne, kilo 200, kijana angeweza kwenda ekari mbili na kidogo tu. Ndipo hasa alipokwama.

Je, video ilidanganya? Hapana. Yule aliyerekodi alikuwa anapanda 75 kwa 60, mbegu mbili kila shimo. Hapo ekari ina mashimo karibu 9,000, na kizibo kimoja kinatoa kilo 45, mfuko mmoja na chenji ndogo. Idadi ya miche kwenye ekari ni ileile, mashimo ndiyo yamepungua nusu. Ukiitazama ile video mara ya pili unaona mbegu mbili zikidondoka, lakini hakuna mtu aliyesema nafasi, na kamba haikuonekana. Sekunde tatu za kuonyesha futi kamba zingemwokoa kijana. Kwa 75 kwa 30 alipaswa kuweka nusu kizibo.

Kilichofuata wengi wenu mnakijua. Alimalizia ekari zilizobaki bila mbolea ya kupandia ili unyevu usimpite. Wiki chache baadaye ungeweza kusimama barabarani ukaonyesha kwa kidole mahali DAP ilipoishia: upande mmoja mahindi ya kijani yamesimama, upande wa pili yamedumaa na majani yana rangi ya zambarau pembeni. Ile zambarau kwenye mahindi machanga mara nyingi ni njaa ya fosforasi. Ukikuzia na urea baadaye unampa nitrojeni, ile fosforasi ya mwanzo huirudishi.

Kwa hiyo kabla hujafuata video yoyote ya mbolea, tafuta vitu viwili: nafasi ya mashimo na idadi ya mbegu kwa shimo. Kama havijatajwa, hiyo ni tangazo, lifurahie na upite. Na kizibo chenyewe kipime. Jaza vizibo 20 vya mbolea yako, weka kwenye mzani mdogo wa dukani, gawanya kwa 20. Urea ni nyepesi kuliko DAP, kizibo kilekile hakibebi gramu zilezile. Tena kuna vibarua wanaojaza kizibo mpaka kinakuwa na kilima juu, na kile kilima ni mbolea yako.

Kitu kingine ambacho video fupi hukiruka ni udongo wa katikati. Mbolea inatangulia shimoni, inafunikwa na udongo wa kama sentimita 5, ndipo mbegu inakaa, nayo inafunikwa. Kwenye video mkono unakwenda haraka, unaona mbolea, unaona mbegu, huoni kile kiganja cha udongo. Mkulima mgeni anaziweka pamoja. Chumvi ya mbolea inaivutia maji mbegu na kuiunguza, hasa mvua ikisita. Ukiona mashimo hayajaota, fukua: mbegu iliyoungua utaikuta imesinyaa au kimzizi kimekauka ncha, na chembe za mbolea zimeshikamana nayo. Watu wengi wakifika hapo wanalaumu mbegu, wanarudi dukani kugombana.

Na kama wewe ndiye unayerekodi, nakuomba jambo moja: acha mistari miwili bila mbolea. Gunzi kubwa peke yake halithibitishi chochote, kila shamba lina gunzi moja kubwa. Mistari miwili mitupu, pembeni ya ile iliyowekewa, mbegu ileile, siku ileile ya kupanda, palizi ileile, hiyo hata mzee asiyependa simu ataielewa. Utauza zaidi pia, kama hilo ndilo linalokusumbua.

Tuje kwenye meseji. "Mvua zimeanza, panda sasa!" Imetumwa siku moja, saa moja, kwa kila namba iliyo kwenye daftari la kampuni. Mwaka fulani niliona ujumbe ukiwakumbusha watu wa huku kununua mbegu za masika. Huku hatuna masika. Sisi tuna msimu mmoja, Novemba hadi Aprili, na Mamlaka ya Hali ya Hewa inautolea utabiri wake peke yake, tofauti na vuli na masika za kaskazini na pwani. Aliyetuma hakujua anaongea na nani.

Hata ndani ya wilaya moja mvua haigawi sawa. Mvua kubwa ya kwanza ya Novemba mara nyingine ni ya kuwadanganya watu, inanyesha jioni moja, kisha jua siku kumi na zaidi. Mbegu inavimba, inachipua, inakauka ndani ya udongo. Ya chotara huwezi kufidia na mahindi ya ghalani, unanunua tena. Muuzaji kwa kweli hapati hasara hapo, anauza mara mbili, na ndiyo maana sitaki yeye peke yake awe kengele yangu.

Kengele yangu ni kopo. Tafuta kopo lenye kuta zilizonyooka wima, la rangi au la maziwa, liweke mahali pa wazi mbali na miti na paa. Baada ya mvua, tumbukiza rula. Sentimita 2 za maji ni milimita 20. Ikifika hapo ndani ya siku mbili tatu, chukua jembe, chimba sentimita 15. Bana udongo wa chini kwenye kiganja: ukishikana na kuacha unyevu mkononi, panda. Ukimomonyoka kama unga, subiri, hata kama simu imelia mara tano. Kumwaga maji ya kopo kila asubuhi baada ya kusoma usisahau, maana kuna mtu alijumlisha mvua ya wiki mbili akaja kuniambia ana milimita 60.

Lakini kusubiri kuna mpaka wake. Unyevu ukishatosha, kila siku unayochelewa unaipunguzia mbegu ya muda mrefu msimu wake, na inaweza kukutana na ukame ikiwa bado inajaza punje. Kwa hiyo ujumbe wa kupanda ni muhimu kweli, ilimradi mbegu na mbolea viwe tayari ndani. Ndiyo maana naona ujumbe wa kununua na ujumbe wa kupanda visiwe kitu kimoja. Wa kununua uje mapema, Septemba, wakati duka lina mzigo na kama namba yako ya mbolea ya ruzuku ina tatizo bado kuna muda wa kuisahihisha. Hapo hapo mkumbushe mteja akwangue lebo ya TOSCI kwenye pakiti na kuihakiki akiwa bado dukani, na atunze pakiti na risiti. Pakiti iliyochomwa moto haiwezi kudai fidia kwa mtu.

Ujumbe ambao wauzaji wengi hawautumi kabisa ni wa tatu, wa kukuzia. Nao hauwezi kutoka kwenye kalenda, lazima uhesabiwe kutoka siku ambayo huyo mkulima kapanda. Mimi nafanya hivi: ukimaliza kupanda unanitumia neno NIMEPANDA na jina la kitongoji. Naandika tarehe kwenye daftari. Kati ya wiki ya tatu na ya nne baada ya mahindi kuota, yakiwa yanakaribia magoti, nakutumia ujumbe: palilia kwanza, subiri udongo uwe na unyevu, weka urea pembeni ya shina kwa umbali wa vidole vinne au vitano, fukia. Usipofukia, jua likaipata juu ya udongo, sehemu ya nitrojeni inapotea hewani nawe umeshailipia.

Daftari linachosha, sikatai, na likifika watu mia litanishinda. Lakini mwenye duka kijijini ana wateja wangapi wa mahindi? Thelathini, hamsini. Anawajua kwa majina na mashamba yao anayajua. Akiandika tarehe 50 kwenye daftari lake la madeni, ambalo tayari analo, atauza urea ile wiki inayohitajika badala ya kukaa nayo mpaka igande kwenye mifuko.

Wenye maduka mnaotaka kuanza msimu huu, nitumieni video zenu kabla hamjazirusha. Nitaangalia kamba, mbegu na kile kiganja cha udongo, na kama vipo nitazirusha kwenye magrupu yangu mwenyewe.