DRC: Akaunti ya pesa ya simu ikifungwa, muuzaji aandike nini?

Huko Bukavu, Goma ao Butembo, muuzaji anaweza kuamka asubuhi akute akaunti yake imefungwa na pesa za wateja zimebaki ndani. Wengi hukimbilia kwa ajenti ao kupiga simu. Lakini ajenti hana uwezo wa kufungua akaunti, na simu haiachi alama. Inayoacha alama ni barua.

Kwanza, tufahamu sababu ya ukimya wa kampuni. Sheria namba 22/068 ya tarehe 27 Desemba 2022, juu ya kupiganisha usafishaji wa pesa chafu, inalazimisha kampuni kuripoti miamala ya mashaka kwa CENAREF. Hairuhusiwi kumwambia mteja kwamba imeripoti. Mbio hizo zimeongezeka tangu Oktoba 2022, wakati GAFI ilipoweka Kongo kwenye orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu.

Kwa hiyo, kuuliza tu « munanishuku nini? » kunaweza kukosa jibu. Barua nzuri huuliza yale ambayo kampuni inaweza kujibu.

Tuchukue mfano wa mama muuzaji wa vikwembe. Kwa juma moja, wateja 23 wamemtumia jumla ya dola 1 840 kwenye akaunti aliyoandikisha kwa matumizi yake binafsi. Malipo mengi ya ghafla kwa akaunti ya namna hiyo yanaweza kuwasha taa nyekundu. Katika barua, ataje namba ya simu, tarehe ya kufungwa, salio, na namba za miamala. Aambatanishe kadi ya uchaguzi, faktura za mzigo na orodha ya wateja waliolipa. Kisha aombe hivi:

« Ninaomba munijulishe kwa maandishi: ni kifungu gani cha mkataba kimetumiwa, ni hati gani inakosekana, na kama kizuizi kinagusa pesa zote ao muamala fulani tu. Kama hakuna amri ya mamlaka inayozuia pesa hizi, ninaomba muzifungue, ao munipe tarehe. »

Swali la pesa zote ao sehemu lina uzito. Kama mashaka ni juu ya muamala mmoja wa dola 90, mama anaweza kudai dola 1 750 zilizobaki.

Barua ipelekwe kwenye ofisi ya kampuni, nakala mbili, moja irudi na muhuri na tarehe. Siku 15 zikipita bila jibu, muda ambao yeye mwenyewe ameuandika ndani ya barua, nakala hiyo inaenda Benki Kuu ya Kongo, inayosimamia kampuni za pesa ya simu.

Kuna mpaka: kama pesa zimezuiwa kwa amri ya mwendesha mashtaka, kampuni haiwezi kuziachilia. Hapo kazi ni ya wakili. Na mtu anayeomba « kitu kidogo » ili afungue akaunti, asipewe kitu, wala namba ya siri.