Yai moja au mayai mawili?

Leo tuna neno juu ya zile karatasi za sauti za herufi wanazokuja nazo watoto wetu wa Darasa la Kwanza. Upande mmoja herufi, upande wa pili picha, mtoto aunganishe kwa mstari, kisha chini apitishe penseli juu ya nukta. Karatasi zenyewe tunazipenda. Tusichokipenda ni picha kuchaguliwa ovyo.

Chukua herufi m. Mchoraji anataka "mayai", lakini kachora yai moja. Mtoto anasema "yai", anaitafuta y, haipo, anaunganisha popote na anapata kosa. Jamani, kosa la nani hapo? Kiswahili chetu hubadilisha mwanzo wa neno kwa idadi: jicho ni j, macho ni m, kiatu ni k, viatu ni v. Kiingereza kwa kawaida huongeza mwishoni, ndiyo maana karatasi iliyoigwa huko haimtahadharishi mtu. Ukitaka m, chora mayai mawili, au bora meza, moto, miwani.

Mti na mbuzi tungeviweka kwa baadaye. M ya "mti" inasimama peke yake bila irabu, na ya "mbuzi" imeshikana na b, mtoto anayeanza haijui aifuate ipi. Na chungwa lisiwekwe kwenye c; ch ifundishwe kama sauti moja.

Nyumbani tusimwambie mtoto "em". Tufumbe midomo tu, mmm, naye afanye hivyo hivyo, ndipo aangalie picha. Akisema "em-eza" ujue kashika jina la herufi, sauti bado.

Kwenye kupitisha penseli, tunataka nukta ya kuanzia na mshale. M huanzia juu kushoto, inashuka, inarudi juu, inapinda na kushuka mara mbili bila kunyanyua penseli. Watoto wetu jioni wako chuoni, wanaandika kutoka kulia, na hilo ni sahihi kule. Pasipo mshale, mwengine ataianza m kulia, na ikimalizika inaonekana sawa tu. Hata sisi wa cherehani, mshono ukishamalizika hausemi ulianzia upande gani. Kwa hiyo tazama mkono wake wakati anaandika, usingoje karatasi.

Ombi letu kwa walimu wa skuli ni dogo. Kabla ya kutoa fotokopi za darasa zima, funikeni herufi, muiteni mtoto mmoja, muulizeni kila picha, "Nini hii?" Ile atakayoiita jina jengine, mkataka jogoo yeye akasema kuku, ibadilisheni kwanza.